Piga Tena: shairi la mama anayemsubiri mwanae, na tulivyolijenga darasani

Kila mwaka nikiwapa wanafunzi wa darasa la maigizo kazi ya kuandika shairi la mtu mmoja jukwaani, lazima niletewe mama wa kijijini anayemsubiri mwanae aliyeko Dar. Sishangai hata kidogo. Nafundisha huku Newala, na ukiuliza darasani nani ana kaka au mjomba Kariakoo, Tandika au Mbagala, mikono inayobaki chini ni michache. Kinachonisumbua ni huyo mama wanayemwandika. Yani kakaa chini ya mwembe, kashika tama, analia ewe mwanangu rudi nyumbani, mji umekumeza, ubeti wa kwanza analia na ubeti wa nane analia, hamna kilichobadilika katikati, afu mwisho anainama taa zinazimwa. Watu wanapiga makofi kwa sababu wanamuonea huruma mwanafunzi, sio mama.

Safari hii niliwaambia kabla hujaandika mstari hata mmoja nenda kakae na mama mwenye mtoto mjini, usimuulize anajisikiaje, muulize jana kafanya nini toka kaamka mpaka kalala. Wakarudi na vitu ambavyo hakuna aliyevitegemea. Kwanza kabisa, hamna mama waliyemkuta amekaa. Ilikuwa msimu wa korosho, kila mtu yuko shamba au uani, na huko kusubiri kunafanyikia katikati ya kazi, mkono unachambua korosho na sikio liko kwenye simu iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Pili, hawahesabu kwa miaka kama sisi. Mama mmoja alisema mwanae kaondoka mwaka wa wanajeshi, na wanafunzi ikabidi waulizane mpaka wakaelewa ni 2018, ule msimu ambao serikali ilisema itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaja kubeba. Mwingine anahesabu kwa kimbunga Kenneth, ambacho ni Aprili 2019, tulivyotangaziwa tukae mbali na bahari.

La tatu ndo lililonifanya niandike haya yote. Mwanafunzi mmoja alimuuliza bibi yake, we zamani ulimsubirije babu alivyokuwa Dar, na bibi akamjibu kwamba zamani kusubiri kulikuwa kwepesi. Daraja la Mkapa pale Rufiji limefunguliwa 2003, kabla ya hapo ni kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea barabara ya kusini inafungwa kabisa. Mtu akikaa kimya miezi mitatu unasema mto umejaa, basi, unaendelea na maisha. Sa hivi mtoto asipopiga tangu asubuhi mpaka jioni roho inakupanda juu. Simu imeleta habari karibu, na ukimya nao ukawa mzito kuliko ulivyokuwa, kwa sababu siku hizi ukimya lazima uwe na sababu. Nikawaambia darasa hapo ndo pa kuchimba, tumuandike mama wa leo, mwenye kitochi, maana yule wa mwembe ni wa zamani na hata huyo wa zamani hakuwa analia hivo.

Kwahiyo tukajiwekea mambo ya kuamua kabla ya kuandika: ni siku gani, saa ngapi, anaongea na nani, mikono inafanya nini. Siku tukachagua Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024. Waliokuwepo wanaikumbuka, ndo siku ghorofa lilipoanguka Kariakoo asubuhi, na huku kwetu taarifa ilifika kwa redio wakati watu wako kwenye korosho. Tulijadiliana sana kama ni sawa kutumia tukio ambalo watu walikufa kweli. Nilikubali kwa masharti kwamba shairi halitaji idadi ya waliofariki, halielezei kifusi, halimtaji mtu yeyote wa kweli, na kabla ya onesho watazamaji wanaambiwa litagusa siku hiyo ili mwenye lake aweze kutoka. Sababu yangu ni kwamba hiyo siku akina mama wengi sana wa Mtwara na Lindi walikuwa wanapiga namba moja mchana kutwa. Hilo sijaona limeandikwa popote, na mi naona linastahili kuandikwa.

Wa kuongea naye tukampa mtoto wa jirani, wa kike, darasa la nne, kwa sababu mama hajui kusoma vizuri na simu lazima isomwe na mtu. Jumamosi mtoto yuko nyumbani kwahiyo hamna wa kuuliza mbona hayuko shule. Mtoto haonekani jukwaani, ni mama peke yake, ila mtoto yupo. Shairi linaanza hivi:

Kaa hapo, mjukuu wangu. Hapo kwenye kigoda.
Miguu kunja, usikanyage hizo,
hizo daraja la kwanza, hizo ndo sare ya mdogo wake Hamisi.
Simu umeipata? Imejaa?
Yule wa dukani umempa hela yake?
Haya iwashe wewe, mi mikono ina vumbi.

Mwaka wa wanajeshi ndo aliondoka Hamisi.
Korosho zimebebwa, hela haijaingia,
akasema mama mi siwezi kukaa naangalia mlango wa chama,
naenda Dar, korosho zikilipwa narudi.
Korosho zililipwa.

Baba yake nilimsubiri kuliko hivi.
Enzi hizo Rufiji ikijaa, Ndundu hapapitiki,
mtu miezi mitatu hajasikika, unasema mto umejaa,
unalala.
Sa hivi mto una daraja.
Na mimi silali.

Angalia ule mstari "Korosho zililipwa". Mwandishi wake alikuwa ameweka baada yake mistari minne ya kulalamika, kwa nini hukurudi, umenisahau, nimekukosea nini. Tukaifuta yote. Mama akishasema korosho zililipwa afu akanyamaza, kila aliyeko ukumbini anamalizia mwenyewe, na mwigizaji anapata nafasi ya kuchukua korosho nyingine. Shairi la jukwaani sio la kwenye karatasi. Kwenye karatasi maneno yako peke yao, jukwaani kuna mkono, kuna jicho, kuna kimya, na ukiwapa watu vyote hivyo pamoja na maneno ya kueleza kila kitu unakuwa umewashibisha kabla ya chakula.

Mikono sasa. Tulitumia korosho za kweli, zenye maganda, zilizokauka. Ukitaka kujua imekauka itikise sikioni, inagonga ndani, na ukiibonyeza kwa ukucha haiachi alama. Mama anachambua, nzuri anatupia kwenye ndoo ya plastiki, mbovu anaweka pembeni kwenye ungo. Ndoo inaanza tupu kwahiyo korosho za mwanzo zinapiga kelele kali, ta, ta, ta, na jinsi ndoo inavyojaa sauti inazidi kufifia, na mwigizaji wetu akagundua kwamba anaweza kuongea kwa kufuata ule mlio. Anarusha, anasema nusu mstari, anarusha, anamalizia. Ikifika sehemu ya redio mkono unasimama hewani na ukumbi mzima unausikia ule mlio ambao haukuja. Hatukuhitaji muziki wala ngoma ya nyuma. Tahadhari moja, msiwaache wanafunzi wazipasue zile korosho kwa meno wakati wa mazoezi, mafuta ya ganda yanaunguza midomo na ngozi, nyie wa huku mnajua ila shule nyingine zikija kuiga wasijue.

Na mtoto asiyeonekana. Hapa ndo wengi wanaharibu, na dalili yake ni rahisi kuiona: mwigizaji anaangalia juu ya vichwa vya watazamaji, macho yanatembea, mtoto anahama kila mara mara yuko kulia mara yuko mbele. Tuliweka kigoda cha kweli, kitupu, hatua mbili upande wa kushoto, na mwigizaji akafundishwa kushusha macho mpaka kimo cha mtoto aliyekaa. Sio sakafuni, sio usawa wake. Kosa lingine ni kurudia maneno ya mtoto kama mtu wa simu kwenye vichekesho, "unasema haijajaa? aha, unasema umemlipa?" Mtu anayeongea na mtoto anayemzoea harudii, anajibu na kuendelea, kwahiyo kila swali la mama tuliliacha wazi kwa pumzi moja, anamuangalia, anapokea jibu usoni, anaenda mbele.

Sehemu ya pili:

Tuliagana hivi: akiamka anabipu. Mara moja, anakata.
Yeye hana la kusema, mi sina la kujibu,
ila nimeshajua.
Jana usiku kikaisha chaji.
Kwahiyo leo kama kabipu, kabipu simu iliyokufa.

Mwezi wa tano alikuwa anakuja, tiketi keshakata,
kile kimbunga kikala barabara Somanga, magari yakalala,
akarudi mjini.
Akasema mama, tiketi imekufa lakini mi mzima.
Nikasema tiketi zipo nyingi.

Kwa mama Zainabu redio imesema ghorofa limeanguka.
Kariakoo. Saa tatu asubuhi.
Kariakoo kubwa, sio?
Mi sijafika. Hamisi anasema Newala yote na soko lake
inaingia kwenye mtaa mmoja.
Kwahiyo ni kubwa.
Ni kubwa hiyo.

Ile ya Somanga ni Mei 2024, kimbunga Hidaya, mvua ikakata barabara ya Dar na Lindi watu wakakwama njiani. Niliipenda kwa sababu inamuonesha Hamisi kama mtu anayejaribu. Hatukutaka mtoto mbaya aliyelewa mji, huyo ameshaandikwa mno na anamrahisishia mama kazi, kwa sababu mtoto mbaya unaweza kumkasirikia ukapumzika. Huyu wetu anabipu kila asubuhi, anatuma hela, alikata tiketi. Hamna wa kumlaumu, na ndo maana kunauma.

Na "ni kubwa hiyo" mara mbili, mwigizaji aliniuliza aiseme kwa huzuni au kwa woga. Nikamwambia iseme kama mtu anayepiga hesabu. Mama anajaribu kujihakikishia kwamba kwenye eneo kubwa namna hiyo ghorofa moja haliwezi kumpata Hamisi. Anafanya hesabu ya faraja, na hesabu inafanywa kwa sauti kavu. Akiileta na kilio tayari amekata tamaa na shairi limeisha hapo.

Baada ya hapo mama anaingia kwenye wimbo. Hadi hapo shairi ni huru, halina vina wala mizani, linaongea tu. Lakini mtu akizidiwa akiwa kazini huku kwetu huwa anaanza kuimba chini chini, na wimbo una kipimo chake, kwahiyo tukaweka ubeti mmoja wa kimapokeo, mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, kina cha kati -ka na cha mwisho -za:

Korosho nimeanika, jua linaziangaza,
Gunia nimelishika, uzi ninaupenyeza,
Kwa jirani nimefika, redio nimesikiza,
Hamisi umeamka? Mamayo anauliza.

Hesabuni mshororo wa mwisho: ha-mi-si-u-me-a-m-ka, nane, ile m ya "amka" inasimama peke yake na inahesabiwa. Wanafunzi walibishana wakasema ni saba, mpaka walipoimba huku wanagonga meza ndo wakasikia kwamba ukiimeza ile m wimbo unachechemea. Na tulichagua "umeamka" makusudi. Ni salamu ya kila siku, haina kitu, na pia ndo swali zito kuliko yote ya siku hiyo. Mwigizaji aimbe ubeti mara mbili, mara ya kwanza yote, mara ya pili anakatika kwenye mshororo wa tatu, kwenye redio, kwa sababu simu inalia.

Sasa sehemu ya mwisho, na hii sikuitunga mimi. Ilitoka kwa mwanafunzi wa kike ambaye kazi yake nyumbani ni kumsomea bibi yake meseji za hela. Alisema na bibi kila siku wanagombana kuhusu saa, kwa sababu meseji inaandika 7:40 AM na mtoto mdogo akisoma anasoma saa saba na dakika arobaini, anasoma namba kama ilivyo, wakati kwa saa zetu hiyo ni saa moja na dakika arobaini asubuhi. Darasa zima likanyamaza. Kila mtu aliona hapo hapo kitakachotokea. Ghorofa limeanguka saa tatu asubuhi. Hela imetumwa saa saba, basi Hamisi mzima. Hela imetumwa saa moja, basi hatujui chochote.

Imelia! Hiyo imelia. Soma, mwanangu.
Elfu thelathini.
Jina soma. Lote.
Hamisi!
Saa ngapi? Hapo chini wanaandikaga saa.
Saa saba na dakika arobaini.
Saa saba! Ghorofa saa tatu, huyu saa saba anatuma hela,
anatoa hela mfukoni huyu, anabonyeza simu huyu,
mwite mama Zainabu, mwambie Hamisi...

Ngoja.

Mbona hela ya saa saba imekuja na simu
kama iliyokuwa inasubiri mlangoni?
Baada ya hizo namba pana herufi?
A. Na M.
Idi ile alikaa hapo hapo ulipokaa, akanifundisha:
mama, ukiona A ni asubuhi,
simu haihesabu saa kama sisi.
Kwahiyo sio saba.
Ni moja.

Saa moja alikuwa mzima.
Saa moja wote tulikuwa wazima.

Elfu thelathini iache humo humo, usiiguse.
Piga.
Haipatikani? Kasema nani, yule mwanamke?
Yule kila siku anasema hivohivo, hata Hamisi akiwa kalala.
Piga tena.

Kwenye "Hamisi!" mwigizaji anaanza kigelegele. Anaanza tu. Tulifanya mazoezi ya hiki kigelegele kuliko kitu chochote kingine kwa sababu kikiwa kirefu kinakuwa cha harusi na kikiwa kifupi hakisikiki, na kinachotakiwa ni kwamba kinapanda vizuri kabisa, cha furaha ya kweli, hana shaka hata chembe. Ukumbini kuna watu wenye simu, wanaosoma hizo meseji kila siku, na hao wameshastuka. Wamejua kabla yake. Unasikia minong'ono huko nyuma, "asubuhi hiyo, asubuhi hiyo", wakati mama anaendelea kufurahi. Mwigizaji asiwasikie. Akionesha kidogo tu kwamba anajua kinachokuja, akiweka uso wa huzuni mapema, kila kitu kinaporomoka na wale waliostuka wanaona wamedanganywa.

Halafu "ngoja". Hapa kulikuwa na mjadala mrefu, nini hasa kinamfanya ashtuke. Wengine walitaka mtoto ndo amsahihishe. Mi nilikataa, mama huyu sio mjinga, hajasoma tu, na mtu aliyeishi kwa kusubiri miaka sita anazijua dalili za simu kuliko mtoto. Anajua meseji iliyotumwa muda huu inakujaje na iliyokaa ikisubiri simu iwashwe inakujaje. Kwahiyo anagundua mwenyewe, na anagundua kwa kitu alichofundishwa na Hamisi. Hilo ndo tendo la shairi zima kama kuna mtu anauliza tendo liko wapi: mafunzo ya mtoto mwenyewe ndo yanamnyang'anya mama uhakika wa kwamba mtoto yuko hai. Mwigizaji akilielewa hilo hahitaji kulia. Wetu aliposema "saa moja alikuwa mzima" alirudi kwenye korosho, akachukua moja, akaitikisa sikioni kama kawaida ya kukagua, akairusha kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa imejaa kiasi kwamba haikutoa mlio wa maana.

Kuhusu lafudhi niseme kifupi. Kuna waliotaka kumuongelesha mama kwa kuigiza Kimakonde kizito ili ionekane ni wa kijijini, na kwenye mazoezi darasa likacheka. Nikasitisha. Mama aongee Kiswahili kile kile anachoongea mwigizaji nyumbani kwao na bibi yake, watu wa hapa watamjua tu. Maleba hivohivo, kanga mbili zilizofuliwa zikapauka, hamna mkongojo, hamna kupaka unga kichwani kuwa mvi. Mama mwenye mtoto wa miaka ishirini na kitu hajazeeka hivo, ana miaka arobaini na kidogo, ana nguvu, anabeba gunia.

Ugomvi mkubwa ulikuwa mwisho. Vijana wa kiume wengi walitaka simu ilie, tusikie sauti ya Hamisi, "mama mi mzima, simu iliisha chaji". Wasichana kadhaa walitaka afe, waje watu wa msiba. Nilikataa yote mawili na sikutaka tupige kura. Akifa inakuwa mbolezi, na mbolezi ni kazi nyingine nzuri ila ina taratibu zake, inamlilia mtu aliyekwisha kujulikana amekufa. Akipiga simu, watazamaji wanashusha pumzi, wanaondoka na habari njema, na zile saa za katikati zinafutika kana kwamba hazikuwepo. Wakati sisi tulitaka hizo saa za katikati. Siku ile huku wengine walipigiwa jioni, wengine kesho yake, wengine simu ikapokelewa na mtu mwingine, na saa nane mchana wote walikuwa mahali pamoja, wanasema piga tena.

Tulilionesha kwa wazazi, ukumbi ni darasa, madirisha yamejaa watu. Lilichukua dakika saba hivi pamoja na vimya vyake. Baadae mama mmoja akamfuata mwigizaji, hakumpongeza, akamwambia shairi lina upungufu. Akasema mama gani ana namba moja tu? Mtoto akienda mjini namba ya kwanza unayoidai ni ya yule anayelala naye chumba kimoja, na ya pili ni ya mtu wa kwenu yeyote aliye karibu na anapofanyia biashara, unaziandikisha kwenye ganda la daftari la mtoto wa shule na unaliweka mahali unapopajua hata usiku. Mama anayekaa anapiga namba moja iliyozimwa, alisema, huyo hamjui mwanae anaishi na nani.

Nilifurahi sana, na wiki iliyofuata tukaongeza mistari kabla ya ule wa mwisho:

Niletee lile ganda la daftari, liko chini ya mto.
Pana jina la Juma wa Tandika, wanalala naye.
Chini yake pana mtoto wa Mwalimu, ana meza karibu naye.
Hiyo ya tatu iliyofutika sijui ni ya nani,
isome tu inavyosomeka.
Piga hiyo. Haipokelewi, piga hii.
Piga tena.

Hii imebadilisha kasi ya mwisho kabisa. Kabla ilikuwa inashuka, sasa inapanda, mama anafanya kazi kwa mara ya kwanza bila korosho, ameziacha, anapanga namba, anaamrisha. Na ile "piga tena" ya mwisho haijulikani tena anapigiwa Hamisi, Juma au ile namba iliyofutika. Mwigizaji ndo anatakiwa aamue kila siku ya onesho kabla hajaingia, asimwambie mtu, hata mimi.